Barua ya Kwanza ya Mfasiri Asiye na Uzoefu: Nini Kinamfungulia Mlango?

Kila mahafali yanapopita, swali lilelile huzunguka miongoni mwa wahitimu wa Kiswahili na isimu. Tangazo la kazi ya kutafsiri kutoka nyumbani linataka uzoefu wa miaka miwili, na mwombaji amemaliza chuo juzi. Aandike nini kwenye barua? Majibu anayopewa yanagongana. Mwalimu wake wa zamani anamwambia aandike barua rasmi kama alivyofundishwa, yenye anwani mbili na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Rafiki aliyekwisha kupata kazi anamwambia ajiite mfasiri mzoefu, kwa kuwa huko ng'ambo hakuna atakayekuja kuuliza. Mwingine anamshauri awe mkweli tangu sentensi ya kwanza na aombe kupewa nafasi ya kujifunza. Wa nne anasema barua hazisomwi tena, ajaze fomu basi.

Kila mmoja wao ana chembe ya ukweli, na ndiyo sababu mhitimu anachanganyikiwa. Tofauti zao zinatokana na kwamba kila mmoja anamfikiria msomaji tofauti wa barua hiyo. Hapa tutatazama kazi ya aina moja tu: kutafsiri maandishi ya Kiingereza kwenda Kiswahili kwa kampuni ya tafsiri iliyoko nje ya Afrika Mashariki, kwa malipo ya kila neno, mfasiri akiwa Dar es Salaam, Eldoret au Zanzibar na mwajiri hajawahi kumwona.

## Nani anaisoma barua hiyo

Katika kampuni nyingi za tafsiri kuna afisa ambaye kazi yake ni kutafuta wafasiri, kuwapima na kuwaweka kwenye orodha ambamo wasimamizi wa miradi huchagua watu. Afisa huyo hashughulikii Kiswahili peke yake. Asubuhi moja anaweza kuwa anatafuta mfasiri wa Kivietinamu, mchana wa Kiamhari, jioni wa Kiswahili. Kwa kawaida hasomi hata lugha moja kati ya hizo.

Jambo hili moja linaeleza mengi. Mhitimu akiandika kwamba Kiswahili chake ni fasaha, afisa hana namna ya kulihakiki dai hilo mwenyewe. Ili ajue kama sampuli ya tafsiri ni nzuri, inambidi aipeleke kwa mfasiri mwingine wa Kiswahili ambaye tayari anafanya kazi na kampuni, na kwa kawaida amlipe kwa muda wake. Kwa hiyo barua ya maombi, hata isiposema hivyo, inamwomba afisa atumie fedha na saa za watu wengine kumpima mtu asiyemjua. Kabla ya kukubali, atatafuta kwenye barua yale anayoweza kuyaona kwa macho yake: jozi ya lugha na mwelekeo wake, aina ya Kiswahili, mafunzo, eneo la maarifa, programu anazotumia mwombaji, na namna Kiingereza cha barua yenyewe kilivyoandikwa.

Hilo la mwisho husahaulika. Barua hizi karibu zote hutumwa kwa Kiingereza. Kwa msomaji asiyejua Kiswahili, aya tatu za Kiingereza ndiyo kazi ya kwanza ya mwombaji kupita mbele yake. Kosa la tahajia katika jina la kampuni, au sentensi iliyonakiliwa kutoka kwenye kielelezo cha mtandaoni, linamwambia afisa jambo kuhusu umakini ambalo hakuna cheti kitakachoweza kulifuta.

## Miaka miwili inatoka wapi

Wahitimu wengi hudhani sharti la miaka miwili ni ukatili wa waajiri, au ni njia ya kupunguza idadi ya waombaji. Mara nyingi lina chanzo kinachojulikana. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ISO 17100 kinachohusu huduma za tafsiri. Kampuni inayotaka kuthibitishwa kwa kiwango hicho lazima ioneshe kwa kumbukumbu kwamba kila mfasiri inayemtumia anatimiza walau sharti moja kati ya matatu. La kwanza ni kuwa na shahada ya tafsiri kutoka chuo cha elimu ya juu kinachotambulika. La pili ni kuwa na shahada ya fani nyingine pamoja na uzoefu wa miaka miwili ya kutafsiri kwa muda wote wa kazi. La tatu ni uzoefu wa miaka mitano kwa asiye na shahada.

Mhitimu anaposoma tangazo, anaona sharti la pili peke yake, kwa kuwa ndilo linaloandikwa mara nyingi. Sharti la kwanza halidai hata siku moja ya uzoefu. Isitoshe, kiwango chenyewe kina maelezo kwamba shahada ya tafsiri inaweza kuwa na jina jingine, kama vile masomo ya isimu au masomo ya lugha, na kwamba ikiwa mafunzo ya tafsiri yalikuwa ndani yake, inahesabiwa kuwa sawa.

Hapa ndipo penye uzito kwa mhitimu wa Afrika Mashariki. Katika vyuo vyetu, watu wachache sana wana shahada ya kwanza yenye neno tafsiri kwenye jina lake. Wengi wana Shahada ya Sanaa katika Kiswahili, katika isimu, au ya elimu yenye Kiswahili kama somo la kufundishia. Lakini ndani ya shahada hizo mara nyingi kuna kozi za nadharia ya tafsiri, tafsiri kwa vitendo, ukalimani, leksikografia au uundaji wa istilahi. Kozi hizo zimo kwenye hati ya matokeo, na mhitimu hazitaji. Anaandika jina la shahada na daraja alilopata, kisha anaendelea na sifa zake za tabia. Afisa anayesoma anaona shahada ya ualimu, hana sababu ya kudhani kuna tafsiri ndani yake, anamweka mwombaji kwenye sharti la pili, na pale pale barua inaishia.

Si kila kampuni imethibitishwa kwa kiwango hiki, wala si kila afisa atakubali kozi mbili tatu ziwe sawa na shahada ya tafsiri. Uamuzi ni wa kampuni na wa mkaguzi wake. Hata hivyo afisa hawezi kuamua juu ya jambo asiloliona.

## Barua ya heshima

Ushauri wa kwanza, ule wa mwalimu, unatetea barua tuliyofundishwa shuleni. Ina anwani ya mwandishi kulia, ya mwandikiwa kushoto, kisha YAH: (au KUH: kwa wenzetu wa Kenya) MAOMBI YA KAZI YA UFASIRI. Inaendelea na utambulisho wa uraia na umri, orodha ya shule kuanzia ya msingi, ombi, shukrani za kutangulizwa, na saini ya mtiifu.

Barua hiyo ina mantiki yake, na wanaoidharau hawajafikiria ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Ilitengenezwa kwa ofisi yenye masjala, ambako barua hupewa namba, huwekwa kwenye jalada na kupita mezani kwa watu kadhaa. Anwani mbili, tarehe na saini ndizo zinazoifanya iwe kumbukumbu halali. Anayeomba kazi ya ufasiri katika taasisi ya umma Tanzania, katika bunge la kaunti Kenya, au kwa mchapishaji wa vitabu wa hapa nyumbani, bado anaihitaji na atahukumiwa akiikosea.

Udhaifu wake unajitokeza inapovuka mipaka. Kwa afisa wa kampuni ya mbali, umri, hali ya ndoa na shule ya msingi si taarifa za kazi. Katika nchi kadhaa mwajiri hata anakatazwa kuzizingatia. Aya mbili za mwanzo zinakwisha kabla hajajua mwombaji anatafsiri kutoka lugha gani kwenda lugha gani. Tena barua hiyo huja na mkia wa viambatisho: vyeti vilivyoskaniwa, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho. Katika kazi za mtandaoni mkia huo una hatari. Wizi wa wasifu wa wafasiri ni tatizo la miaka mingi: mtu huchukua wasifu halisi, hubadilisha anwani ya barua pepe, kisha huutumia kuomba kazi kwa jina la mwenye wasifu huo. Anayetuma namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na saini kwa kampuni ambayo hajaihakiki anamrahisishia mwizi kazi. Hati ya matokeo na vyeti vinaweza kusubiri mpaka viombwe.

## Barua ya kujikweza na barua ya kukiri

Ushauri wa rafiki, yaani kujiita mfasiri mzoefu, una nguvu moja ya kweli. Fomu nyingi za maombi huchuja kwa namba. Pale penye swali la miaka ya uzoefu, anayeandika sifuri anaweza kuondolewa kabla ya mtu yeyote kumsoma, na anayeandika mbili akapita. Ndiyo maana ushauri huu hautoweki.

Gharama yake huja baadaye kidogo. Kampuni inayofuata kiwango itataka ushahidi wa ile miaka miwili: majina ya wateja, idadi ya maneno, watu wawili wa kuulizwa. Na isipotaka, kuna jaribio la tafsiri, ambalo husomwa na Mswahili mwenzako. Mtu anayedai miaka miwili hupimwa kwa kipimo cha miaka miwili. Makosa ambayo anayeanza angesamehewa na kuelekezwa, yeye yanamfungia mlango, na jina lake hubaki kwenye kumbukumbu za kampuni likiwa na alama mbaya. Zaidi ya hesabu hiyo, mfasiri hukabidhiwa siri za hospitali, mikataba na ushahidi wa mahakama. Anayeanza safari kwa kudanganya kuhusu nafsi yake ameharibu kitu ambacho kazi hii inakitegemea kuliko ufasaha.

Barua ya kukiri inasimama upande wa pili. Inaanza hivi: Ingawa sina uzoefu wowote, niko tayari kujifunza. Uaminifu wake ni wa kuheshimiwa, na afisa hatakuja kudai kwamba alidanganywa. Kasoro yake ni mahali ukweli huo ulipowekwa na namna ulivyovalishwa. Ukiwa sentensi ya kwanza, wenye sauti ya kuomba radhi, unamfanya msomaji apime kila kinachofuata kwa kile kinachokosekana. Tena utayari wa kujifunza, ambao kwa mwajiri wa ofisini ni sifa, kwa kampuni ya mbali unasikika kama gharama. Mfasiri wa kujitegemea hana mkufunzi anayekaa karibu naye. Anapokea faili Jumatatu, anairudisha Jumatano, na anayeipokea anatarajia kuwa imekamilika.

## Mfano wa barua mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhitimu wa Shahada ya Sanaa katika Kiswahili, anayeishi Dar es Salaam, anaona tangazo la kampuni ya tafsiri inayotafuta wafasiri wa Kiingereza kwenda Kiswahili kwa maandishi ya afya. Rasimu yake ya kwanza, kiini chake ni hiki:

"Mimi ni kijana mchapakazi, ninayejituma na kuweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu. Ninajua vizuri Kiingereza na Kiswahili. Ingawa sina uzoefu, niko tayari kujifunza na kutafsiri nyaraka za aina yoyote: sheria, tiba, fedha, uhandisi na fasihi."

Sentensi ya kwanza haina kosa, lakini ingeweza kuandikwa na mwombaji yeyote wa kazi yoyote. Ya tatu ndiyo inayomwumiza zaidi. Anayesema anatafsiri kila kitu anaonekana hajawahi kukaa na mkataba wa mkopo au mwongozo wa mashine na kugundua kwamba lugha peke yake haitoshi. Wafasiri wenye miaka ishirini hutaja maeneo mawili au matatu. Mwombaji huyu alidhani anapanua nafasi zake, kumbe amemwonesha msomaji kwamba hajui mipaka ya kazi.

Na kile alichokiacha ndicho chenye thamani. Hati yake ya matokeo ina kozi tatu za tafsiri. Tasnifu yake fupi ilichunguza istilahi za kisukari katika vipeperushi vya hospitali. Rasimu ya pili inaweza kuwa hivi:

"Ninaomba kuingizwa kwenye orodha yenu ya wafasiri wa Kiingereza kwenda Kiswahili cha Tanzania, kufuatia tangazo lenu la wiki hii. Kiswahili ndiyo lugha yangu ya kwanza.

"Nimehitimu mwaka huu Shahada ya Sanaa katika Kiswahili, iliyokuwa na kozi tatu za tafsiri: nadharia ya tafsiri, tafsiri kwa vitendo na uundaji wa istilahi. Naweza kutuma hati ya matokeo mkiihitaji. Tasnifu yangu ilihusu istilahi za kisukari katika vipeperushi vya hospitali, na ningependa kuanza na maelekezo ya afya kwa wagonjwa.

"Nimeambatisha sampuli ya maneno 250, Kiingereza na Kiswahili sambamba, pamoja na maelezo ya maamuzi mawili niliyofanya. Ninatumia OmegaT na ninaweza kupokea faili za XLIFF na kumbukumbu za tafsiri za TMX. Ninaweza kukabidhi maneno 1,500 yaliyohaririwa kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, saa za Afrika Mashariki (UTC+3).

"Hii itakuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa katika tafsiri. Niko tayari kufanya jaribio lenu."

Ukweli kwamba hana uzoefu umebaki, wazi kabisa, ila umekuja baada ya msomaji kupata vitu vya kupima, na umesemwa mara moja bila kuomba msamaha. Neno Tanzania lina kazi yake pia. Kampuni hupanga Kiswahili kwa misimbo kama `sw-TZ`, `sw-KE` na `sw-CD`, kwa sababu mteja anayewaandikia wagonjwa wa Mwanza hataki msamiati wa Nairobi, na Kiswahili cha Goma ni jambo jingine tena. Mhitimu wa Dar es Salaam asijipe misimbo yote mitatu. Ile moja aliyozaliwa nayo inaaminika zaidi ikisimama peke yake.

OmegaT ni programu ya bure ya kusaidia kutafsiri, ambayo hugawa matini kwa sentensi na kuhifadhi kila sentensi iliyotafsiriwa ili itumike tena. Kwa mhitimu asiye na fedha za kununua leseni ya Trados au memoQ, inatosha kumthibitishia afisa kwamba anajua kazi hii haifanywi kwenye ukurasa mtupu. Ila asiitaje kama hajaifungua. Wiki moja ya kuitumia kwa matini halisi inatosha kumpa majibu ya maswali ya msingi atakayoulizwa. Na yale maneno 1,500 kwa siku yamewekwa chini kwa makusudi. Wafasiri waliozoea hukadiriwa maneno 2,000 hadi 3,000. Anayeanza akiahidi 3,000, atachelewa au atakabidhi kazi ambayo haijasomwa mara ya pili.

## Sampuli ndiyo inayobeba barua

Kipande chenye nguvu kuliko vyote katika barua ile si sentensi yoyote bali ni kiambatisho. Sampuli nzuri ni fupi, maneno 200 hadi 300, ya matini ambayo mwombaji ana haki ya kuitumia, na inayofanana na kazi inayotangazwa. Maandishi ya mashirika ya serikali kuu ya Marekani, mathalani vipeperushi vya afya vya CDC, kwa kawaida hayana hakimiliki nchini humo, hivyo ni chanzo kinachofaa. Achague ukurasa ambao haujatolewa kwa Kiswahili, ili isidhaniwe kwamba amenakili.

Bado tatizo lile la mwanzo linabaki: msomaji hajui Kiswahili. Suluhisho lake ni maelezo mafupi chini ya sampuli, kwa Kiingereza, ya maamuzi mawili yaliyokuwa magumu. Tuseme kipeperushi kinamwagiza mgonjwa ameze dawa 8:00 a.m. na 8:00 p.m. Mwombaji aandike kwamba ametafsiri saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa sababu saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo, na kwamba kuandika saa nane kungemfanya mgonjwa ameze dawa saa sita nje ya wakati. Aeleze pia kwamba amechagua sukari kwenye damu badala ya glukosi ya damu kwa kuwa msomaji ni mgonjwa wa zahanati, si daktari, na kwamba angechagua kinyume kama matini ingekuwa ripoti ya maabara.

Sasa afisa asiyejua neno la Kiswahili ameona kwa macho yake mtu anayemfikiria msomaji wa mwisho na anayejua kosa linaweza kumdhuru nani. Huo ni ushahidi ambao hata baadhi ya waombaji wenye miaka mitatu hawauleti, na unampa afisa sababu ya kulipia jaribio.

## Kazi ya kujitolea na hesabu yake

Wengi humshauri mhitimu ajitolee kwanza. Shirika linalotajwa mara nyingi ni Translators without Borders, lililoanzia Ufaransa mwaka 1993 na ambalo tangu 2021 liko chini ya jina la CLEAR Global. Lina jamii kubwa ya wafasiri wa kujitolea wanaoyahudumia mashirika ya misaada, na lilianzisha kituo cha mafunzo Nairobi mwaka 2012. Faida yake ni halisi: matini ni za kweli, zina muda wa mwisho, na mwombaji anapata rekodi ambayo mtu mwingine anaweza kuithibitisha.

Lakini tuifanyie hesabu, kwa sababu hapa ndipo matarajio yanapotea njia. Mfasiri wa muda wote akitoa maneno 2,000 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, miaka miwili ni sawa na maneno milioni moja. Aliyejitolea kutafsiri maneno 20,000 amefanya kazi ya siku kumi. Hajakaribia miaka miwili, na akiandika kwenye barua kwamba ana uzoefu wa mwaka mmoja kwa sababu alijiunga na shirika mwaka mmoja uliopita, amerudi kwenye barua ya kujikweza. Akiandika kwamba ametafsiri maneno 20,000 ya maandishi ya afya, yakapitiwa na mhariri, bila kuchelewa hata mara moja, amesema kitu kidogo ambacho ni cha kweli na kina uzito.

Kuna pia gharama ya muda. Maneno 20,000 ni wiki mbili au tatu za mtu anayeanza, na mhitimu asiye na kipato huzilipia kwa nauli na bando lake mwenyewe. Nionavyo, kujitolea kunafaa kwa kiasi chenye kikomo, hadi apate rekodi ya kutaja na mtu mmoja wa kuulizwa. Na kujitolea kwa shirika la misaada kusichanganywe na jaribio la bure la kampuni ya biashara. Jaribio la kawaida ni maneno 200 hadi 300. Likifika maneno 1,500, au likianzia katikati ya hati na kuishia katikati, ni halali kuhisi kwamba mwombaji amepewa kipande cha kazi ya mteja, na wenzake wamepewa vipande vingine.

## Bei iwekwe au isiwekwe

Upande mmoja unasema bei ya chini iandikwe wazi, kwa kuwa ndiyo silaha pekee ya asiye na uzoefu. Kwa kampuni zinazotafuta bei rahisi tu, hilo hufanya kazi. Ila tuseme ametaja senti mbili za dola kwa neno. Maneno 1,500 yatampa dola 30 kwa siku, kabla ya makato ya kupokea fedha, na malipo mara nyingi huja siku 30 au 45 baada ya ankara. Bei hiyo ikishaingia kwenye mfumo wa kampuni, kuipandisha ni vigumu kuliko kuanza na bei ya juu kidogo. Isipoulizwa, ni bora isitajwe. Ikiulizwa, itajwe kwa neno la matini chanzi, kwa sababu idadi hiyo inajulikana kabla kazi haijaanza, na kwa sababu kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa, hivyo tafsiri huwa na maneno machache kuliko Kiingereza chake.

## Mizani

Ukipima hoja zote, barua ya ushahidi, kama ile rasimu ya pili, inashinda kwa msomaji wa aina tuliyoanza naye. Inampa afisa asiyejua Kiswahili vitu anavyoweza kuvihakiki mwenyewe, na inaufungua ule mlango wa sharti la kwanza ambao wahitimu wengi hawajui kwamba upo. Barua ya heshima ibaki kwa ofisi zenye masjala, na ibaki kamili. Ushauri wa kujaza fomu tu una ukweli wake kwa kampuni kubwa, lakini hata fomu hizo huwa na kisanduku cha maelezo na mahali pa kuweka faili, na maneno yaleyale ya aya ya pili na ya tatu ya rasimu ile yanaingia humo.

Kuna kuta ambazo barua haiwezi kuzivunja. Kampuni ambayo mkataba wake na mteja unadai miaka miwili kwa kila mfasiri haitamchukua mhitimu, hata sampuli yake iwe bora. Matini za mahakama na za majaribio ya dawa ziko nyuma ya kuta za namna hiyo. Anayeanza apime matangazo kwa jicho hilo, apeleke barua kule ambako sharti linaweza kutimizwa kwa kozi zake, na kwa kampuni ndogo ambazo hazijathibitishwa, ambazo mmiliki mwenyewe ndiye anayesoma maombi.

Asipojibiwa kwa wiki mbili, atume ujumbe mmoja mfupi wenye kitu kipya, kwa mfano sampuli ya pili ya eneo lilelile, kisha anyamaze. Kimya hakina maana moja. Mara nyingi siku ile hapakuwa na mradi wa Kiswahili, na barua ikawekwa kwenye hifadhi. Mradi ukija miezi minne baadaye, afisa hutafuta humo kwa jozi ya lugha na eneo. Barua pepe yenye kichwa kinachosema Kiingereza kwenda Kiswahili cha Tanzania, afya ya jamii, sampuli imeambatishwa, itajitokeza kwenye matokeo ya utafutaji huo. Yenye kichwa kinachosema Maombi ya Kazi itabaki chini pamoja na nyingine zenye jina hilohilo.